Siku jiko lisipowaka: namna ya kuandaa ripoti ya chakula, mahudhurio na ujifunzaji shuleni

Ripoti ya chakula ikifika kwenye kikao cha kamati ya shule, mara nyingi hubeba tarakimu mbili. Siku zenye chakula mahudhurio yalikuwa asilimia 87, siku zisizo na chakula yalikuwa asilimia 73. Chini yake imeandikwa kwamba chakula kimeongeza mahudhurio kwa pointi 14. Wajumbe wanatikisa vichwa, muhtasari unaandikwa, na mwaka unaofuata ghala linakauka mwezi uleule. Tarakimu zile zimejumlishwa vizuri. Tatizo ni kwamba haziwezi kumwambia mzazi mahindi yake yanabadilisha nini hasa, na mzazi mwenye gunia tatu ndani anaona wazi kwamba hazimwambii.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa chakula, mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata wa shule ya msingi ya kutwa inayotegemea mahindi na maharage ya wazazi. Nina mazingira ya Dodoma na Singida akilini, kwa sababu nimefanya kazi vijijini huko na ndiko nilikokosea na kujifunza. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi. Mavuno huanza Mei. Wazazi huchanga baada ya kuvuna, na ghala huisha Januari au Februari. Huo mpangilio wa mwaka utarudi tena hapa chini, maana ndio unaoharibu ripoti nyingi. Tarakimu zote za mfano ni za shule ya kufikirika, nimezitunga ili hesabu ionekane.

Hatua ya kwanza: chora siku ya shule

Kabla ya kufungua daftari, andika ratiba kwenye karatasi moja. Tuseme shule yetu ya mfano ina mstari saa 1:30 asubuhi, kipindi cha kwanza saa 2:00, uji saa 4:00, makande saa 7:00, kisha vipindi viwili vya dakika 40, na watoto wanaondoka saa 9:00.

Sasa kwa kila mlo jiulize unaweza kumfanyia mtoto nini, na saa ngapi. Uji wa saa 4 hauwezi kumvuta mtoto awahi mstarini, kwa sababu aliyefika saa 3 anapewa kikombe kilekile. Makande ya saa 7 yanaweza kumfanya asiondoke mchana. Yanaweza pia kumleta asubuhi, lakini kwa sharti moja: awe anajua kabla ya kutoka nyumbani kwamba leo kutapikwa. Kwa hiyo karatasi hii inakupa mambo matatu ya kupima, nayo ni kufika, kuwahi na kubaki. Rejesta inayoitwa mara moja asubuhi inapima la kwanza tu. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloguswa zaidi na chakula, halimo kabisa.

Waache nje Darasa la Kwanza na la Pili kwenye hesabu ya mchana, kwa kuwa wao huruhusiwa mapema. Ukiwachanganya, kila siku utaona umati wa watoto "wanaotoroka" ambao kwa kweli wamekwenda nyumbani kwa ratiba. Shule yetu ya mfano ina watoto 400 kuanzia Darasa la Tatu hadi la Saba, na hao ndio tutakaowahesabu.

Hatua ya pili: siku moja, mstari mmoja

Chukua daftari kubwa la mistari, au jedwali la Excel kwenye simu. Kila siku ya masomo ipate mstari mmoja, hata kama jiko halikuwaka. Siku isiyo na chakula ikirukwa, umeitupa nusu ya ripoti. Safu zangu ni hizi, na nitatumia herufi zake baadaye kwenye hesabu:

- A tarehe, B namba ya mwezi
- C chakula: 2 ni mlo kamili, 1 ni pungufu au umechelewa, 0 ni hakuna
- D waliosajiliwa
- E waliokuwepo mstarini
- F waliokuwepo mwisho wa kipindi cha kwanza
- G waliokuwepo mwanzo wa kipindi cha mwisho
- H sahani zilizopakuliwa
- I kama hakuna chakula: M ikiwa ilijulikana tangu jana, G ikiwa ni ghafla
- J maelezo: mvua ya usiku, siku ya mnada, msiba, chanjo

Waliochelewa sina safu yao, na nimeiacha kwa makusudi. Shule nyingi huhesabu wachelewaji getini, mwalimu wa zamu akiwa amesimama na fimbo. Mtoto akiiona fimbo hapiti getini, anasubiri kwenye mahindi mpaka mstari uishe halafu anapenya nyuma ya vyoo. Siku hiyo daftari linaandika wachelewaji watano na watoto wa kweli waliochelewa ni arobaini. Ukihesabu mstarini, ukahesabu tena madarasani mwisho wa kipindi cha kwanza, tofauti ya F na E inakupa wachelewaji wote bila kumshika mtu. Hesabu ya kupima isiwe hesabu ya kuadhibu. Ukizichanganya, watoto watakufundisha namna ya kudanganywa.

Hesabu ya mchana ifanywe mwanzo wa kipindi cha mwisho, ili iwakute pia waliokula wakaondoka. Viranja wa madarasa wanaiweza: kila mmoja anaandika namba kwenye kipande cha karatasi na kumpelekea mwalimu wa zamu. Kwa madarasa kumi kazi nzima ni dakika tano. Mara moja kwa wiki, siku isiyotangazwa, mwalimu mmoja apite na kuhesabu vichwa mwenyewe. Namba za viranja zikitofautiana na zake kwa zaidi ya watoto wawili watatu kwa darasa, zungumza na viranja hao. Kwa kawaida utakuta kiranja anamwandikia rafiki yake aliyeondoka.

Safu ya C inahitaji makubaliano ya maandishi kabla ya kuanza. Makande bila maharage ni 2 au ni 1? Chakula kilichopakuliwa saa 8:15 badala ya saa 7 je? Mimi huandika 1 kwa yote mawili. Muhimu ni kwamba mwalimu wa zamu wa Jumatatu na yule wa Alhamisi waandike namba ileile kwa hali ileile.

Hatua ya tatu: liulize ghala

Daftari la siku linasema siku gani tulipika. Leja ya stoo inasema tulitoa nini. Viwili hivyo vikutane kila mwisho wa mwezi, kabla hujaandika neno lolote juu ya mahudhurio.

Tuseme kamati ilikubaliana gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa sahani. Februari jiko liliwaka siku 9 na daftari lina jumla ya sahani 2,640. Mahindi yaliyopaswa kutumika ni 2,640 mara kilo 0.12, yaani kilo 317 hivi. Leja inaonyesha kilo 450. Pengo ni kilo 133, zaidi ya gunia moja.

Usikimbilie neno wizi. Fungua leja uangalie siku moja moja. Ukikuta kilo 50 kila siku, iwe siku ya watoto 310 au ya watoto 270, basi leja ile imeandika mpango. Mpishi alipewa nusu gunia kwa makadirio na mtu akaandika nusu gunia. Makande yanachukua muda mrefu jikoni, mpishi hawezi kusubiri rejesta iitwe ndipo apime mahindi. Suluhisho linalofanya kazi ni kupima kwa idadi ya sahani za jana, na kuongeza kidogo siku ya kwanza ya wiki. Jambo jingine ni debe. Debe lililosawazishwa na debe lililojazwa mpaka likavimba juu yana uzito tofauti, na gunia la lumbesa lililopokelewa kama kilo 100 huwa na zaidi ya hizo. Pima debe lako la shule kwenye mizani mara moja, andika uzito wake ubavuni kwa rangi, na uanze hapo.

Pengo likibaki kubwa baada ya hayo, angalia kama mahindi yalikobolewa kabla ya kupikwa, maana pumba hupunguza uzito, na kama walimu na wapishi wanakula bila kuhesabiwa kwenye sahani. Likibaki hata hapo, hilo ni suala la kamati na litajadiliwa peke yake. Kwenye ripoti andika tu ni siku ngapi leja na sahani zilikubaliana. Siku ambazo hazikubaliani kabisa, zile ambazo leja inasema 0 na daftari linasema sahani 280, ziondoe kwenye ulinganisho na useme umeziondoa ngapi.

Hatua ya nne: tenganisha njaa ya jiko na msimu

Hapa ndipo nataka uchukue muda wako.

Jumla ya shule yetu ya mfano, kwa Julai hadi Novemba na Januari hadi Machi, iko hivi. Siku 100 za chakula, wastani wa waliofika asubuhi asilimia 86.8. Siku 35 zisizo na chakula, asilimia 72.6. Pointi 14, kama ile ripoti ya mwanzo. Sasa zigawe siku hizo kwa msimu.

| Kipindi | Chakula | Siku | Asubuhi | Mchana |
|---|---|---|---|---|
| Julai–Novemba | Kipo | 80 | 90% | 88% |
| Julai–Novemba | Hakuna | 5 | 88% | 61% |
| Januari–Machi | Kipo | 20 | 74% | 72% |
| Januari–Machi | Hakuna | 30 | 70% | 41% |

Tazama safu ya asubuhi. Ndani ya Julai hadi Novemba tofauti ni pointi 2. Ndani ya Januari hadi Machi ni pointi 4. Zile 14 zimekwenda wapi? Zilikuwa za msimu. Januari hadi Machi ni miezi ya kupalilia, makorongo yamejaa, malaria imepanda, na nyumbani chakula kimepungua. Watoto wangepungua shuleni hata kama ghala lingejaa. Na kwa kuwa ghala la shule huisha miezi hiyohiyo, karibu siku zote zisizo na chakula zimeangukia kwenye miezi mibaya. Aliyejumlisha miezi yote pamoja amelibebesha jiko mzigo wa mvua na jembe.

Sasa tazama safu ya mchana. Januari hadi Machi, siku ya chakula, wanafika watoto 296 na saa za mwisho wapo 288. Wameondoka 8. Siku isiyo na chakula wanafika 280 na wanabaki 164. Wameondoka 116. Hali ni hiyohiyo hata kwenye miezi ya neema: asilimia 88 wanafika, asilimia 61 wanabaki. Msimu hauwezi kueleza jambo hili, kwa sababu ni watoto walewale, siku ileile, asubuhi wapo na mchana hawapo. Katika shule hii chakula kinawaleta wachache na kinawabakiza wengi. Ripoti yenye hesabu ya asubuhi peke yake ingesifu athari isiyokuwepo na kuikosa iliyopo.

Ukitumia Excel, asilimia ya mchana kwa siku zisizo na chakula, Januari hadi Machi, inapatikana hivi:

```
=SUMIFS(G:G,B:B,"<=3",C:C,0)/SUMIFS(D:D,B:B,"<=3",C:C,0)
```

Badilisha `0` iwe `2` upate siku za mlo kamili, na `G:G` iwe `F:F` upate asubuhi. Simu nyingine hutaka nukta mkato badala ya koma. Zile siku za 1 ziweke pembeni kwanza, uzitazame peke yake mwishoni.

Kuna ulinganisho mmoja zaidi, na ndio ninaouamini kuliko yote. Kati ya siku 30 zisizo na chakula, siku 24 zilikuwa za M: ghala tupu, kila mtu anajua. Siku 6 zilikuwa za G: kuni zililoa, pampu ya kisima iligoma, mpishi alifiwa. Siku za ghafla watoto walitoka nyumbani wakitegemea kula. Kwa hiyo kufika kwao asubuhi kunapaswa kufanana na siku za chakula. Katika mfano wetu walifika asilimia 74, sawasawa na siku za chakula, na siku za M walifika asilimia 69. Hapo sasa unaweza kuandika kwamba habari ya ghala kuisha huenda inapunguza wanaofika kwa pointi 5 hivi, na uongeze kwamba siku sita ni chache na mwakani utatazama tena. Zikiwa mbili au tatu, orodhesha tarehe zake na uache asilimia.

Mtego wa mwisho katika hatua hii unazihusu shule ambazo anayekula ni mtoto wa aliyechanga tu. Kishawishi ni kuwalinganisha wanaokula na wasiokula. Usifanye hivyo. Kaya iliyoweza kutoa debe la mahindi ina mengine pia: taa ya kusomea, viatu, mtu mzima anayemwamsha mtoto alfajiri. Ulinganisho huo utapima kaya, na karatasi yenye majina ya watoto wasiochangiwa ikibandikwa ukutani utakuwa umewaumiza bila kujifunza lolote. Linganisha siku na siku, shule nzima. Idadi ya waliofika bila kula, yaani F kutoa H kwenye siku za chakula, iandike kama namba tupu kwa kamati.

Kuhusu kuwahi nitasema kwa kifupi. Ukitoa E kwenye F na kugawa kwa F, utapata sehemu ya waliochelewa kati ya waliofika. Itenganishe kwa siku za mvua ya usiku kwanza, ndipo uitenganishe kwa siku za chakula. Shule yenye uji saa 4 karibu kila mara itaona mvua na umbali vikitawala, na chakula hakisogezi kitu. Kama kamati inataka chakula kisaidie kuwahi, uji lazima upakuliwe kabla ya kipindi cha kwanza, na mpishi aje alfajiri. Jaribuni wiki nne uji saa 1:15 na wiki nne saa 4:00 ndani ya msimu mmoja, mkipokezana wiki moja moja. Daftari hilihili litawajibu bila safu mpya.

Hatua ya tano: fika kwenye ujifunzaji kupitia vipindi

Kati ya sahani ya leo na alama za Novemba kuna hatua nyingi, na ripoti inayoruka kutoka kwenye sahani hadi kwenye alama itaanguka katikati. Pita kwenye kitu unachokihesabu, ambacho ni vipindi vilivyopotea.

Katika mfano, siku isiyo na chakula wanaondoka 116. Siku ya kawaida wangeondoka kama 8. Jiko lisilowaka linahusishwa basi na watoto 108 kwa siku. Mara vipindi 2, mara siku 30, ni vipindi 6,480. Gawa kwa watoto 400: kila mtoto kwa wastani amekosa vipindi 16. Kwa kuwa mchana kuna vipindi 10 kwa wiki, ni kama wiki moja na nusu ya mchana imefutwa kwenye kalenda. Mzazi anaielewa sentensi hiyo. Na mgawanyo hauko sawa: wapo ambao hawakukosa hata kimoja, na wapo waliokosa vyote sitini.

Sasa fungua ratiba ya masomo uone ni somo gani liko mchana. Tuseme Darasa la Tano wana Hisabati asubuhi na Sayansi vipindi vya mwisho. Wagawe watoto makundi mawili kwa kutumia rejesta ya mchana: wanaobaki na wanaoondoka mara kwa mara. Chukua majaribio ya mwezi ya masomo yote mawili. Kwenye mfano, wanaoondoka wako nyuma kwa alama 4 katika Hisabati na kwa alama 13 katika Sayansi. Zile 4 ni tofauti ambayo ingekuwepo hata bila kukosa mchana, inatoka nyumbani na kwingineko. Nyongeza ya 9 ndiyo inayofanana na vipindi walivyokosa. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe katika somo jingine. Udhaifu wake ni kwamba masomo yana walimu tofauti na majaribio ya ugumu tofauti, na lazima uuandike. Shule ikiweza kubadilishana masomo hayo muhula wa pili, Sayansi asubuhi na Hisabati mchana, pengo likahamia Hisabati, hoja yako imesimama imara.

Kama mchana ni Kiswahili au ni madarasa ya chini, tumia kusoma kwa sauti dakika moja na maswali matatu ya ufahamu, mtoto mmoja mmoja, kila mwisho wa mwezi. Andaa vifungu vinne vya urefu na ugumu unaolingana, uvizungushe. Kifungu kikirudiwa mfululizo watoto wanakikariri, na utaona maendeleo makubwa ambayo si ya kusoma.

Hesabu ya alama ina shimo ambalo nimeona walimu wazuri wakitumbukia. Darasa lina watoto 60. Machi, mwezi wa ghala tupu, walifanya jaribio 47 na waliofikia kiwango ni 26. Ukigawa kwa waliofanya unapata asilimia 55. Novemba, mwezi wa chakula, walifanya 58 na waliofikia kiwango ni 30, yaani asilimia 52. Inaonekana kama chakula kimeshusha ufaulu. Kilichotokea ni kwamba Machi watoto wanaohangaika hawakuwepo siku ya jaribio, na wastani ukapanda kwa sababu ya wao kukosekana. Gawa kwa waliosajiliwa: Machi 26 kati ya 60 ni asilimia 43, Novemba 30 kati ya 60 ni asilimia 50. Tumia hesabu hiyo ya pili siku zote, na pembeni andika wangapi walifanya. Jaribio lenyewe lifanyike asubuhi na uandike kama siku hiyo kulikuwa na chakula, maana mtoto mwenye njaa saa 8 anapimwa njaa yake pamoja na Sayansi.

Mitihani ya taifa, ya Darasa la Nne na la Saba, iweke kwenye kiambatisho kama ipo. Inakuja mara moja kwa mwaka, kwa kundi jipya kila mara, na haiwezi kubeba ushahidi wa siku 30 za Januari hadi Machi.

Hatua ya sita: karatasi moja, na tarehe ya kuipeleka

Ripoti yenyewe iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa weka mchoro mmoja: mistari miwili kwa kila wiki, waliopo asubuhi na waliopo mchana, na chini yake vijisanduku vya siku, vyeusi kwa siku jiko lilipowaka na vyeupe lilipolala. Mchoro huo unaweza kuchorwa kwa mkono kwenye karatasi ya manila. Mahali vijisanduku vinapogeuka vyeupe, mstari wa mchana unaanguka na wa asubuhi unabaki juu, na mjumbe asiyesoma asilimia anaona. Katikati weka jedwali la misimu kama lile la juu. Chini yake sentensi tatu au nne, kila moja ikitaja idadi ya siku ilikotoka. Kwa mfano:

"Januari hadi Machi, katika siku 30 zisizo na chakula, watoto 116 kati ya 280 waliofika waliondoka kabla ya kipindi cha mwisho. Katika siku 20 zenye chakula waliondoka 8 kati ya 296. Kufika asubuhi kulitofautiana kwa pointi 4 tu. Hatukuona uhusiano kati ya uji wa saa 4 na kuwahi mstarini."

Sentensi ya mwisho usiiogope. Kamati iliyoambiwa kisichofanya kazi inaamini zaidi kile unachosema kinafanya.

Majina ya watoto yasiwepo. Orodha ya wanaoondoka kila mara ibaki kwa mwalimu wa darasa, ambaye ndiye atakayekwenda nyumbani kwao.

Tarehe ndiyo inayosahaulika. Ripoti nyingi hukamilika Desemba, mwaka wa masomo unapofungwa, wakati mahindi ya wazazi yameshauzwa na kuliwa. Funga hesabu ya Januari hadi Machi ndani ya Aprili na uipeleke kwenye mkutano wa wazazi wa Mei, magunia yakiwa yanashuka kutoka shambani. Na uipeleke ikiwa imeshapigiwa hesabu ya pengo. Siku 30, sahani 300, ni sahani 9,000. Mahindi ni kilo 1,080, maharage kilo 270. Kama watoto hao wanatoka kaya 250, kila kaya inaongeza kilo 4 na gramu 320 za mahindi na kilo moja na kidogo ya maharage juu ya ile waliyochanga mwaka uliopita. Andika namba hiyo chini kabisa ya ukurasa, na uje mkutanoni na mizani.